Mchoro wa Gede: Neno 'kale' halitoshi

MHARIRI mmoja wa vitabu vya shule aliniletea mchoro wa mji wa Gede katika karne ya 15. Alitaka nikague maelezo ya chini yake tu, lakini nilikwama kwenye picha yenyewe. Wanawake walijifunga kanga, msikiti ulikuwa na mnara mrefu, na nyuma yake majahazi yametia nanga. Kumbe ulichorwa na programu ya akiliunde.

"Uliiagiza nini?" nikamuuliza.

"Mji wa kale wa biashara wa Waswahili, Prof."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Programu hiyo haijui historia. Huoanisha maneno na picha ilizofunzwa kwazo, na picha nyingi za miji yetu ni za Lamu na Unguja za karne mbili hivi zilizopita. Kanga zilianza kuvaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Msikiti Mkuu wa Gede haukuwa na mnara. Tena Gede haiko ufuoni. Iko kilomita kadhaa ndani. Hayo majahazi yangefikaje?

Mhariri akajaribu kukataza: "Pasiwe na kanga, pasiwe na mnara." Wapi! Kanga zikarudi. Programu nyingi za picha hushika jina la kitu na kupuuza ukanushi, hivyo ukiitaja kanga umeialika. Dawa ni kutaja kilichokuwepo, kwa umbo lake na kwa kitu kilichoundia.

Tukaandika upya: "Ua wa nyumba isiyo na ghorofa. Kuta za mawe ya matumbawe, zimepakwa lipu ya chokaa. Paa bapa juu ya boriti za mikoko. Mlango wa tao la mawe lililochongoka juu. Mkekani pana mkasi wa chuma, taa ya chuma na bakuli la kaure la Kichina. Mwanamume amejifunga shuka ya pamba isiyo na maua kiunoni."

Mkasi na taa hatukuvibuni. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, alivipata humo, na nyumba mbili zikapewa majina ya vitu hivyo. Mavazi ndiyo yenye utata, maana nguo huoza ardhini. Shuka tuliikisia kutokana na Ibn Battuta, aliyewaona wanaume wa Mogadishu wakijifunga nguo kiunoni mwaka 1331. Huo ni mji mwingine na karne nyingine, kwa hivyo chini ya mchoro tuliandika: 'Mavazi ni makisio.'

Picha ya pili ilikuja nzuri, ila ndani ya tao programu ilitia mlango wa nakshi wenye misumari mikubwa ya shaba, kama ile ya Unguja ya karne ya 19. Hatukuwa tumesema ndani ya tao kuna nini, nayo ikajijazia. Tukaongeza: "Ndani ya tao pana pazia jeupe la pamba." Nalo, bila shaka, tuliliandika kuwa makisio.