Kujaza Nafasi Tupu katika Jedwali la Viashiria vya Kiswahili

Mtafiti wa lugha hurudi kutoka uwandani akiwa na jedwali lililojaa nusu. Msimulizi alitaja viti na miti, hakutaja mawe. Ngeli moja ikapata viashiria vyote, nyingine ikapata kimoja tu. Mwaka 2009 Ackerman, Blevins na Malouf walijadili suala hili kama tatizo la kujaza seli za paradaimu: mzungumzaji hupataje umbo ambalo hajawahi kulisikia kutokana na machache aliyoyasikia? Kwa mtafiti suala ni zito zaidi, kwani kisio lake likishachapwa katika sarufi husomwa kama data. Kiswahili kinafaa kwa majaribio kwa sababu majibu yake yanajulikana: seli inaweza kufichwa, ikakisiwa, kisha ikafunuliwa.

Tuseme zimefichwa seli za viashiria vinavyoishia na -o, isipokuwa *huo* ya mti. Njia ya kwanza inayojitokeza ni kutazama kiashiria cha karibu na kubadili irabu yake ya mwisho: *hili* huzaa *hilo*, *hizi* huzaa *hizo*, *hapa* huzaa *hapo*. Lakini *hiki* huzaa *hiko*, na *hivi* huzaa *hivo*, maumbo ambayo Kiswahili sanifu hakiyakubali. Kasoro haiko katika hesabu, bali katika uchaguzi wa safu. Kiashiria cha karibu hakionyeshi konsonanti hubadilikaje mbele ya irabu isiyo *i*. Safu inayoonyesha hivyo ni ya vimilikishi: *changu*, *vyangu*, *langu*, *zangu*.

Hata hivyo, kimilikishi peke yake hakitoshi, kwa kuwa *yangu* ni ya miti na ya mawe pia. Irabu ya kwanza ya kiashiria hutoka katika kiambishi cha kiima. Safu mbili zikiunganishwa, kanuni huwa h-, irabu ya kiima, konsonanti ya kimilikishi, kisha -o:

| Nomino | Kiima | Kimilikishi | Kisio | Umbo halisi |
|---|---|---|---|---|
| kiti | ki- | changu | hicho | hicho |
| jiwe | li- | langu | hilo | hilo |
| mawe | ya- | yangu | hayo | hayo |
| miti | i- | yangu | hiyo | hiyo |
| watu | wa- | wangu | hao | hao |
| mtu | a- | wangu | hao | huyo |

Katika safumlalo ya watu, *w* imedondoka mbele ya *o*. Jambo hili halikutokana na kanuni yenyewe. Limejulikana kwa sababu *huo* ya mti, yenye kimilikishi *wangu*, iliachwa wazi. Kama seli zote za aina hiyo zingefichwa, mtafiti angeandika *hawo* bila kushuku lolote.

Safumlalo ya mwisho ndiyo yenye funzo. Kanuni imetoa neno halali la Kiswahili, ila ni la wingi. Kosa la namna hii ni vigumu kuligundua kuliko *hiko*, kwa sababu halilikwaruzi sikio. Tena mgongano wa seli mbili si ushahidi tosha wa kosa: *hii* hutumika kwa miti na kwa nyumba, na ni sahihi kotekote. Kinachopaswa kumshtua mtafiti ni mahali mgongano ulipotokea, yaani kati ya umoja na wingi wa nomino ileile, ilhali safu nyingine, kama *a-* na *wa-*, huvitenganisha.

Ufumbuzi umo katika pembe nyingine ya jedwali. *Yupo*, *yuko*, *yumo* na *yu hai* huhifadhi kiambishi *yu-*. Kikitumiwa hicho badala ya *a-* na *w-*, hupatikana *huyu*, *huyo* na *yule* bila shida. Safumlalo iliyoonekana kuwa na ukiukaji kumbe ina utaratibu, ila wa kiambishi kingine. Asiyekuwa na *yupo*, *huyu* wala *yule* katika daftari lake hana njia ya kulifikia hilo kwa kukisia. Itambidi arudi kwa msimulizi.

Zipo pia seli zisizopaswa kujazwa kabisa. Kiambishi *ki-* na mzizi *-wili* hutoa *kiwili* kwa urahisi uleule unaotoa *viwili*, lakini *kiti kiwili* hakipo, kwani idadi ya mbili haina umoja. Mpangilio wa maumbo hauwezi kuitofautisha seli ambayo haijasikika na ile isiyokuwapo. Maana ndiyo huamua. Kwa hiyo jedwali linalochapishwa linahitaji alama tatu: umbo lililosikika liandikwe wazi, lililokisiwa liwekwe katika mabano ya mraba pamoja na kutaja safu zilizotumika, na seli iliyothibitishwa kuwa haina umbo iwekewe kistari. Nafasi iliyobaki tupu itamaanisha kwamba swali bado halijaulizwa.