Mahali Elektroni Zinapokutana Tena

Chukua tyubu ya kioo iliyonyonywa hewa, ndugu ya ile iliyokuwa ndani ya runinga za chogo. Nyuma yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto hadi kitoe elektroni. Mbele kuna skrini iliyopakwa unga unaong'aa kila elektroni inapougonga. Njiani yamewekwa mabamba mawili madogo, moja juu na jingine chini. Ukiyapa mabamba hayo umeme wa mkondo geu, elektroni husukumwa juu na chini kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na kwenye skrini unaona mstari wa kijani uliosimama wima.

Sasa iingize tyubu nzima ndani ya koili ndefu ya waya wa shaba, kisha uongeze mkondo wa koili taratibu. Mstari unaanza kuzunguka, na kadiri unavyozunguka ndivyo unavyofupika. Ukishalala ubapa kabisa, yaani ukiwa umegeuka nyuzi 90, umebaki na takriban asilimia 64 ya urefu wake wa awali. Ongeza mkondo zaidi. Mstari unaendelea kugeuka na kusinyaa, na unapokaribia kutimiza nyuzi 180 unakuwa nukta moja kali. Ukipita hapo, nukta inafunguka na kuwa mstari tena.

Elektroni hizo zilitoka kwenye mabamba zikielekea pande tofauti, nyingine juu sana, nyingine kidogo, nyingine chini. Hakuna kilichozikusanya kwa kuzivuta katikati. Hata hivyo zimefika kwenye skrini mahali pamoja. Ili kuelewa sababu yake inatubidi tujue elektroni husonga mbele umbali gani kila inapomaliza mzunguko mmoja. Umbali huo ndio hatua ya mzunguko, na nitauandika p.

Ndani ya koili ndefu uga sumaku ni sare: una nguvu ile ile kila mahali na umeelekea upande mmoja, kufuata urefu wa koili. Uga huo huisukuma chaji inayotembea, lakini husukuma kwa ubavu tu. Kani yake daima iko wima kwa mwelekeo wa mwendo na wima kwa uga wenyewe. Kwa hiyo haiongezi kasi wala haipunguzi. Kazi yake ni kukunja njia. Sehemu ya kasi inayofuata uga haiguswi kabisa. Elektroni inayotembea sambamba na uga hupita moja kwa moja kana kwamba koili haina umeme.

Basi igawe kasi ya elektroni katika sehemu mbili. Kama kasi nzima ni v na imepinda kwa pembe θ kutoka kwenye mwelekeo wa uga, sehemu ya kwenda mbele ni v cosθ na sehemu ya ubavuni ni v sinθ. Ya kwanza inabaki ilivyo. Ya pili inakunjwa kuwa duara. Ukiyaunganisha, duara linalosogea mbele bila kusita, unapata njia iliyojiviringa mfano wa springi ya kalamu ya wino.

Ukubwa wa duara unatokana na kulinganisha kani ya sumaku na kani inayohitajika ili kitu kizunguke:

q (v sinθ) B = m (v sinθ)² / r

Hapa q ni chaji, m ni masi na B ni nguvu ya uga. Nusukipenyo kinakuwa r = m v sinθ / (qB). Elektroni iliyosukumwa sana ubavuni huchora duara kubwa, iliyosukumwa kidogo huchora dogo. Hilo halishangazi. Tafuta sasa muda wa kulimaliza duara, ambao ni mzingo ukigawanywa kwa kasi ya ubavuni:

T = 2πr / (v sinθ) = 2πm / (qB)

Kasi imefutika, na pembe nayo imefutika. Elektroni yenye duara kubwa ina safari ndefu, lakini inakwenda haraka kwa kiwango kile kile, kwa hiyo zote zinamaliza mzunguko kwa wakati mmoja. Siri ya ile nukta ya kijani iko hapa. Hatua nayo inajileta yenyewe: ni kasi ya kwenda mbele mara muda wa mzunguko mmoja.

p = v cosθ × 2πm / (qB)

Watu wengi wakichora njia hii huizungusha kuuzunguka mhimili wa tyubu, na mchoro huo huwapotosha. Elektroni yetu ilianza ikiwa kwenye mhimili. Kwa hiyo kitovu cha duara lake kiko pembeni, na duara lenyewe linaugusa mhimili mara moja kila mzunguko. Elektroni nyingine ina duara jingine, kubwa au dogo, la kushoto au la kulia, lakini nalo linapita kwenye mhimili. Zote zinatawanyika kutoka hapo na zote zinarudi hapo baada ya muda T. Skrini ikiwa umbali wa p kutoka kwenye mabamba, zinaigonga wakati huo huo zinaporudi. Mkondo wa koili ukiwa nusu ya unaohitajika, zimemaliza nusu duara tu na ziko mbali na mhimili, na ndiyo maana mstari uliolala bado ni mrefu.

Tuweke namba. Elektroni zimeharakishwa kwa volti 1000 kabla ya kufika kwenye mabamba, na kutoka mabamba hadi skrini ni sentimita 20. Kasi ya kwenda mbele inapatikana kwa √(2qV/m), ambayo ni takriban mita milioni 18.8 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo sentimita 20 zinapitwa kwa nanosekunde 10.7 hivi. Huo ndio muda T tunaoutaka, na kwa masi na chaji ya elektroni unadai uga wa militesla 3.35. Koili yenye mizunguko 2000 ya waya kwa kila mita inatoa uga huo kwa mkondo wa ampea 1.33, ambao umeme wa maabara ya shule unaweza kuutoa.

Ili kujua kama hiyo ni nukta ya kwanza kweli, ongeza mkondo hadi mara mbili, ampea 2.67. Hatua inakuwa sentimita 10, elektroni zinazunguka mara mbili kabla ya kufika, na nukta inatokea tena. Nukta ya pili isipokuwa kwenye mkondo maradufu wa ile ya kwanza, kuna kitu hakijakaa sawa.

Kuna swali ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulipita haraka, nalo ni kasi ipi hasa inayojulikana. Kwenye tyubu yetu, volti 1000 zimeipa elektroni kasi ya mbele kwanza, kisha mabamba yakaongeza kasi ya ubavuni. Hivyo elektroni zote zina kasi ya mbele karibu sawa, na √(2qV/m) tayari ndiyo v cosθ. Anayeizidisha tena kwa kosaini anaikata mara mbili. Hali ni tofauti pale elektroni zinapoharakishwa, halafu zikatawanyika kutoka kitundu kimoja kwa pembe mbalimbali. Hapo kilicho sawa ni kasi nzima, na kila pembe inapata hatua yake.

Hali hii ya pili inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa uga ule ule wa militesla 3.35, elektroni inayokwenda karibu sambamba na uga ina hatua ya sentimita 20. Iliyopinda nyuzi 3 ina hatua fupi kwa milimita 0.3 tu. Ya nyuzi 10 inapungukiwa na milimita 3, na ya nyuzi 30 inapungukiwa na milimita 27. Kosaini inashuka polepole sana pembe zikiwa ndogo, kisha inaporomoka. Kwa hiyo mwale mwembamba unakutana vizuri mahali pamoja, lakini mwale mpana haukutani. Elektroni za pembeni zinarudi kwenye mhimili mapema na kuanza kutawanyika upya kabla ya skrini, na nukta inazungukwa na ukungu wa mwanga.

Mwanafizikia Mjerumani Hans Busch aliitumia hatua hii mwaka 1922 kupima uwiano wa chaji na masi ya elektroni. Kwa kuwa nukta inatuambia p bila kulazimika kupima duara lolote, tunaigeuza hesabu:

q/m = 8π²V / (B²L²)

L ni umbali wa hadi skrini. Weka namba zetu na utapata takriban 1.76 × 10¹¹ kulombi kwa kilo. Hakuna aliyeipima masi ya elektroni wala chaji yake hapa, ila uwiano umetoka.

Zile mbili za kipeo ndizo zinazoumiza. Mabamba yana urefu wake, pengine sentimita 2, na elektroni husukumwa muda wote inapopita kati yake. Ukianza kuhesabu L kutoka mwisho wa mabamba badala ya katikati, umekosea sentimita 1 katika 20, na jibu limepotoka kwa karibu asilimia 10. Uga wa dunia nao umo. Kwetu Afrika Mashariki ni takriban militesla 0.03, karibu asilimia moja ya uga wa koili, na huku huwa umelala zaidi ya kusimama, ukielekea kaskazini. Koili ikilazwa kaskazini na kusini, uga huo unajumlika au kutoka moja kwa moja. Dawa yake ni kugeuza waya za umeme, kusoma mkondo wa nukta upya, na kuchukua wastani wa masomo mawili. Elektroni zitazunguka upande wa pili, lakini hatua haibadiliki kwa sababu ya upande.

Busch hakuishia kwenye koili ndefu. Mwaka 1926 alionyesha kwamba hata koili fupi, ambayo uga wake si sare, hukusanya elektroni kama lenzi inavyokusanya mwanga. Huko Berlin, Max Knoll na Ernst Ruska walitumia koili za aina hiyo mwaka 1931 kujenga hadubini ya kwanza ya elektroni, na Ruska akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1986. Kasoro ya pembe iliwafuata humo: elektroni zinazoingia kwa pembe kubwa hukutana mapema kuliko wenzake. Mwaka 1936 Otto Scherzer alithibitisha kihesabu kwamba lenzi za duara zenye uga usiobadilika kwa wakati, zisizo na chaji katika njia ya mwale, haziwezi kuikwepa kasoro hiyo, hata zikichongwa kwa ustadi gani. Kwa miaka mingi wajenzi wa hadubini hizo walilazimika kuweka bamba lenye kitundu kidogo sana, ili zipite zile tu zinazokwenda karibu na mhimili.