Dagaa 400, maagizo 804

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, maana taa ya mtumbwi haiwezi kushindana na mbalamwezi. Mwezi ukizama, taa huwashwa, dagaa hujikusanya kwenye mwanga, na wavu hushushwa. Usiku huo ndio niliotaka kuuweka kwenye mchezo wa simu: picha moja ya ziwa kwa nyuma, mtumbwi mmoja, taa moja, alama za mchezaji juu kabisa, na dagaa 400 wanaozunguka chini ya mwanga, kila mmoja akimetameta kwa wakati wake.

Kwenye kompyuta yangu mchezo ulikwenda laini. Kwenye simu ya bei nafuu, aina ile ambayo wachezaji wengi wanayo mfukoni, dagaa waliruka kwa vishindo badala ya kuogelea, na mgongo wa simu ukapata moto baada ya dakika chache. Nilidhani picha ni kubwa mno. Nikapunguza upana na urefu wa kila dagaa kwa nusu, nikajaribu tena, hali ikabaki ileile.

Jibu hilo lilinifundisha pa kutazama. Ndani ya simu kuna wafanyakazi wawili wanaohusika na kila picha unayoiona. Mmoja ni prosesa, inayoendesha programu na kuamua nini kichorwe wapi. Wa pili ni chipu ya michoro, inayopaka rangi pikseli za skrini. Kama chipu ya michoro ndiyo ingekuwa imezidiwa, dagaa wadogo wangeipunguzia pikseli za kupaka na mchezo ungepata nafuu. Haukupata, kwa hiyo mzigo ulikuwa kwa prosesa.

Anayejua kazi za ujenzi ataelewa upesi. Fundi yuko juu ya jukwaa, saidia fundi yuko chini. Fundi ana mkono mwepesi, anaweza kupanga matofali mengi kwa dakika. Lakini saidia fundi akipandisha tofali moja, akashuka, akapandisha jingine, fundi atakaa amekunja mikono, na ukuta utachelewa ingawa hakuna aliye mvivu. Prosesa ndiye saidia fundi, na kila safari yake ni agizo moja la kuchora. Kabla agizo halijafika kwenye chipu, draiva ya michoro hukagua mambo kadhaa: picha gani inatumika, rangi zichanganywe vipi, data ya umbo iko wapi. Ukaguzi huo hugharimu karibu muda uleule, uwe unachora dagaa mmoja au dagaa 400 kwa mkupuo.

Mchezo unaokwenda laini huchora skrini upya mara 60 kwa sekunde, na kila mchoro huo huitwa fremu. Hiyo ina maana kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kufanya kila kitu. Tuseme kwenye simu dhaifu agizo moja linakula mikrosekunde 20. Maagizo 800 yatakula milisekunde 16, na hapo samaki hawajasogezwa, mguso wa kidole haujasomwa, na sauti haijapigwa.

Mchezo wangu niliuandika kwa LibGDX, maktaba ya Java ambayo ina kihesabu cha maagizo ndani yake. Baada ya kuchora fremu, unaandika mstari mmoja tu:

```java
batch.end();
Gdx.app.log("maagizo", "" + batch.renderCalls);
```

Namba iliyojitokeza ni 804, na haikuwa vigumu kuona ilikotoka. Mandhari ya ziwa agizo moja, mtumbwi moja, taa moja, maandishi ya alama moja: hayo ni manne. Yaliyobaki 800 ni ya dagaa. Kila dagaa alikuwa na picha mbili, mwili wake na mng'ao wake, na nilimchora kila mmoja mwili kisha mng'ao, mwili kisha mng'ao, hadi wa 400.

Hapa inafaa kujua `SpriteBatch` ya LibGDX inafanya nini. Unapoiambia ichore picha, haitumi agizo papo hapo. Huweka picha hiyo kwenye fungu, ikaongeza inayofuata, na inayofuata, hadi picha 1000 kwa mpangilio wa kawaida, ndipo hutuma fungu zima kwa agizo moja. Huyo ni saidia fundi mwenye toroli. Lakini fungu moja lina sharti: picha zote zitoke kwenye faili moja lililopakiwa kwenye chipu. Picha ikitoka kwenye faili jingine, fungu hufungwa na kutumwa lilivyo, hata kama lina picha moja tu. Mwili wa dagaa ulikuwa faili moja, mng'ao faili jingine. Kila fungu langu lilikuwa na picha moja.

Dawa inayojulikana na kila mtengenezaji wa michezo ni atlasi: karatasi moja kubwa ambamo spraiti zote, yaani vijipicha vyote vya mchezo, hupangwa pamoja, ikifuatana na faili dogo la maandishi linaloeleza kila kimoja kiko wapi. Programu ya TexturePacker hufanya upangaji huo. Chipu hujua kipande cha kuchora kwa namba kati ya 0 na 1. Kwenye atlasi yenye upana wa pikseli 2048, mwili wa dagaa wenye upana wa pikseli 64 ulioanzia pikseli ya 512 unaanza 0.25 na kuishia 0.28125. Kumbadilisha dagaa kuwa mtumbwi ni kubadilisha namba hizo tu, bila kubadilisha faili, na fungu haliharibiki.

Nikatengeneza atlasi, nikaweka humo mandhari, mtumbwi, taa, mng'ao na picha nane za mwili wa dagaa zinazopishana ili aonekane anatikisa mkia. Nikaendesha mchezo kwa matumaini makubwa. Kihesabu kikaonyesha 802.

Wengi hukata tamaa hapa na kusema atlasi haina faida. Kosa halikuwa la atlasi. Mng'ao wa dagaa nilikuwa nauchora kwa kujumlisha mwanga juu ya rangi iliyopo, ili ung'ae kama kitu kilichopigwa na taa, wakati mwili unachorwa kwa kawaida, ukifunika kilicho chini yake. Namna ya kuchanganya rangi ni sehemu ya agizo. Haiwezekani nusu ya fungu ichanganywe hivi na nusu vile. Kila nilipotoka kwenye mwili kwenda kwenye mng'ao, fungu lilifungwa. Niliporudi kwenye mwili, likafungwa tena. Faili lilikuwa moja sasa, lakini mpangilio wangu wa kuchora ulikuwa bado unavunja mafungu 800.

Nilichotakiwa kubadilisha ni mfuatano. Miili yote kwanza, kisha ming'ao yote:

```java
for (Dagaa d : dagaa) d.choraMwili(batch);
batch.setBlendFunction(GL20.GL_SRC_ALPHA, GL20.GL_ONE);
for (Dagaa d : dagaa) d.choraMngao(batch);
batch.setBlendFunction(GL20.GL_SRC_ALPHA, GL20.GL_ONE_MINUS_SRC_ALPHA);
```

Mandhari na miili 400 vikawa agizo moja. Ming'ao 400 agizo la pili. Mtumbwi na taa la tatu. Alama za mchezaji la nne, kwa sababu herufi zilikuwa bado na faili lake. Nilipozihamishia herufi kwenye atlasi, zikaungana na mtumbwi, na maagizo yakawa matatu. Dagaa ni walewale 400, na kwenye simu ileile wakaanza kuogelea.

Ningeweza kuuliza: kama mfuatano ndio uliomaliza kazi, atlasi ilikuwa ya nini? Hesabu inajibu. Bila atlasi, picha nane za mkia zingekuwa faili nane. Dagaa hawatikisi mkia kwa pamoja, hivyo jirani wawili hukutana kwenye picha moja mara moja kati ya nane tu. Miili 400 ingevunjika kuwa maagizo kama 350. Mfuatano peke yake usingetosha, wala atlasi peke yake.

Mabadiliko haya yana gharama kwa macho, na ni lazima uamue kama unaikubali. Zamani mng'ao wa dagaa aliye chini ulifunikwa na dagaa aliyepita juu yake. Sasa ming'ao yote iko juu ya miili yote. Kwenye ziwa la usiku hakuna anayeona tofauti. Ingekuwa vivuli vya watu wanaopishana sokoni, kivuli cha mtu wa nyuma kingeangukia uso wa mtu wa mbele, na ningelazimika kutafuta njia nyingine.

Atlasi nayo ina ugonjwa wake. Siku ya kwanza niliona mstari mwembamba wa buluu kwenye ubavu wa mtumbwi, ukitokea na kupotea mtumbwi ulipoyumba. Chipu inapochora picha mahali pasipoangukia sawasawa kwenye pikseli, huchanganya rangi za pikseli jirani, na ukingoni mwa mtumbwi jirani alikuwa kipande cha mandhari. Dawa ni kuacha nafasi kati ya picha na kurudia pikseli za ukingo ndani ya nafasi hiyo, ili rangi inayovuja iwe ya picha yenyewe:

```json
{ "paddingX": 4, "paddingY": 4, "duplicatePadding": true, "maxWidth": 2048, "maxHeight": 2048 }
```

Usidanganyike na udogo wa faili pia. Atlasi ya PNG inaweza kuwa na kilobaiti mia chache kwenye diski, lakini ikifunguliwa bila kubanwa, pikseli 2048 kwa 2048 zenye baiti nne kila moja ni megabaiti 16 za kumbukumbu. Na picha zikizidi karatasi moja, TexturePacker hufungua ukurasa wa pili, na kuruka kutoka ukurasa hadi ukurasa huvunja fungu kama faili tofauti tu. Panga pamoja picha zinazoonekana pamoja. Dagaa na mtumbwi wakae ukurasa mmoja, vitufe vya menyu wakae mwingine.

Ukishafika maagizo machache na mchezo bado ni mzito, acha kuyapunguza. Tatizo limehamia kwingine, labda kwenye hesabu za mwendo au kwenye picha kubwa zinazofunikana. Lakini kama una mchezo unaokwama kwenye simu za kawaida na hujawahi kuitazama namba hii, washa kihesabu leo. Kwenye LibGDX ni `renderCalls`. Kwenye Unity fungua `Stats` juu ya dirisha la mchezo, usome `Batches`. Fanya hivyo kabla hujapunguza samaki hata mmoja.