Oksijeni Nyingi, Moto Mbaya

Kipimio kikiingizwa kwenye dohani ya boila ya dizeli, fundi husubiri namba zitulie. Moto mzuri huacha oksijeni kama asilimia 4, na kaboni monoksaidi chini ya sehemu 100 kwa milioni.

Oksijeni ikishuka hadi 1 na monoksaidi ikipanda 900, moto unakosa hewa. Ongeza kidogo kidogo. Lakini ukikuta oksijeni 9 na monoksaidi 400, usiongeze hewa. Kwanza kagua nyufa kabla ya kipimio, kwani hewa ya nje ikivuja humo oksijeni hupanda kwa uongo. Kama hakuna ufa, basi hewa ipo ila haichanganyiki na mafuta: badilisha nozeli, kagua presha ya pampu, upime tena.