Tangazo la Kufunga Wakati wa Masika

Katika pwani ya Afrika Mashariki, hoteli nyingi ndogo na biashara za kuzamia hufungwa Aprili na Mei. Masika huleta mvua nzito, kusi huanza kuvuma, na maji hutibuka hata mzamiaji asiyaone vizuri matumbawe.

Tangazo la kufunga hutaja siku mbili: ya mwisho ya kupokea wageni na ya kwanza ya kufungua tena. Maneno "tutarudi baada ya mvua" hayamsaidii mtu anayekata tiketi ya ndege. Hoteli ya kisiwani Mafia, kwa mfano, inaweza kuandika: "Wageni wa mwisho wataondoka Aprili 5. Tutafungua Juni 10, saa 8 mchana. Simu za kuweka nafasi zinapokelewa muda wote." Sentensi hiyo ya mwisho ni rahisi kusahauliwa, na mgeni asiyejibiwa Mei hutafuta kwingine.

Waliokwisha kulipa arubuni huarifiwa mmoja mmoja kabla tangazo halijabandikwa. Tarehe ya kurudi nayo huachiwa nafasi ya siku kadhaa baada ya matengenezo, maana mafundi hawaezeki makuti mapya mvua ikinyesha.