Viungo vya Ukoo Mmoja

Mfungashaji mdogo wa viungo huanza na bidhaa moja, mara nyingi masala ya pilau, akaiita Pilau Tamu. Ikiuzika anaongeza Chai ya Bibi, kisha Choma Balaa, halafu Tangawizi Asilia. Kila jina peke yake halina ubaya, ila yakipangwa rafuni hayafahamiani: moja linasifu ladha, jingine linamtaja mtu, la tatu linapiga kelele, la nne linataja mmea. Aliyeipenda pilau hana sababu ya kudhani kwamba chai ile imetoka kwa mtu yuleyule.

Dawa ni kugawa kazi. Jina la ukoo liseme mali ni ya nani, na jina la pili liseme inapikiwa nini. Tuseme amechagua Kusi, ule upepo uliosukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda Uarabuni. Ni silabi mbili tu, na halielezi viungo, ndiyo maana lina nafasi ya kulindwa kama alama ya biashara. Maneno kama “pilau” au “tamu” ni ya kila mpishi, hakuna atakayemilikishwa.

Sasa anapata Kusi ya Pilau, Kusi ya Chai, Kusi ya Choma na Kusi ya Samaki. Yote yanajibu swali moja. Siku akifungasha iliki tupu, asiseme Kusi ya Iliki, kwa sababu iliki haipikwi kama pilau. Kusi Iliki inatosha: penye “ya” ni mchanganyiko wa chakula fulani, pasipo “ya” ni kiungo kitupu. Ukali nao usipewe jina. Choma kali na choma ya kawaida ni bidhaa ile ile, zitofautishwe kwa alama ya pilipili pembeni mwa pakiti. Hapa ndipo wengi huharibu, wakazaa “Moto” na “Moto Zaidi” ambazo hazisemi zinaungwa kwenye nini.

Kipimo kiko dukani. Sikiliza wateja wanavyoagiza. Wakisema “nipe Kusi ya samaki”, majina yameshika. Wakisema “nipe ile ya kijani”, rangi ndiyo inayouza, na mshindani akichapisha kijani chake umepoteza mteja.

Usajili una mitego yake. BRELA husajili alama kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya, na usajili wa mmoja hauvuki mpaka. Viungo na chai viko daraja la 30, lakini krispi za viazi ziko daraja la 29. Anayetaka Kusi iwe pia ya vitafunio aombe madaraja yote mawili, na apekue kwanza kama jina limeshachukuliwa, kabla hajalipia uchapaji wa pakiti.