Mpira Uliogeuka Chapati

Mpwa wangu alinitumia katuni yake ya kwanza usiku wa manane, sekunde 38 tu, na chini yake maneno haya: “Mjomba, nikiitazama mwenyewe inakwenda vizuri. Nikimwonyesha mama, anasema inarukaruka.”

Kisa chenyewe ni chepesi. Binti mmoja, Tatu, anakimbia na mpira kichochoroni. Anaupiga, mpira unapaa juu ya mabati ya jirani, na kule upande wa pili bibi anapika chapati. Mpira unatua kwenye sinia la unga. Basi. Michoro ilikuwa mizuri, hasa bibi. Lakini dada yangu alikuwa amesema kweli. Kila shoti moja ilipoipisha nyingine, kulikuwa na kitu kama mtu aliyekosea ngazi gizani.

Nimekuwa mhariri wa picha kwa miaka mingi, na makosa haya kwenye filamu za watu halisi nayajua. Ukikosea hapo unarudi kwenye mkanda, unatafuta fremu nyingine, kwa sababu kamera ilipiga zaidi ya ulichohitaji. Kwenye katuni hakuna cha ziada. Fremu ambayo hukuichora haipo. Ndiyo maana studio za katuni hufanya uhariri mwanzoni. Picha za penseli za storibodi hupangwa kwa muda wake pamoja na sauti za kubahatisha, ikapatikana animatiki, na mikato hujaribiwa humo kabla mtu hajapaka rangi hata kidole kimoja. Mpwa wangu alikuwa ameruka hatua hiyo. Alichora shoti moja ikaisha, akaanza nyingine, kisha akaziunganisha. Hapo ndipo tatizo lake lilipozaliwa, ingawa yeye aliamini liko kwenye mkato wenyewe.

Tulianza na teke. Shoti ya kwanza inamwonyesha Tatu mzima, ya pili mguu wake kwa karibu. Katika shoti ya kwanza mguu ulirudi nyuma, ukatulia. Mkato. Katika shoti ya pili mguu ulikuwa umetulia nyuma, ukaanza kwenda mbele polepole, ukapiga. Kila shoti peke yake haikuwa na dosari. Zikiungana, binti anapiga teke, anasita, halafu anakumbuka kwamba alikuwa anapiga teke.

Chanzo kilikuwa nusu yake na nusu kompyuta. Alikuwa anatumia Blender, na programu hiyo isipoambiwa vingine huunganisha pozi mbili kwa mkunjo uitwao `Bezier`, yaani kitu huanza taratibu, hushika kasi, kisha hupunguza kabla ya kufika. Kwa tendo linaloanza na kuisha ndani ya shoti moja, hilo ni jema. Kwa tendo linalokatwa katikati ni balaa, maana mguu unafunga breki mwishoni mwa shoti ya kwanza na kuanza upya kutoka sifuri katika ya pili. Jicho halijui chochote kuhusu mikato, ila mwendo linaujua vizuri sana. Likiona kasi imekatika, linasema picha imeruka.

Dawa yake ilikuwa kukata mguu ukiwa tayari unakwenda. Teke lake lilikuwa na michoro minne: mguu nyuma kabisa, umeanza kushuka, umekaribia mpira, umegusa. Tulikata baada ya mchoro wa pili. Shoti ya karibu ikaanza na pozi ileile ya mchoro wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Ndiyo, pozi moja imeonekana mara mbili, mara moja kwa mbali na mara moja kwa karibu. Ukipiga hesabu utasema muda umerudi nyuma kidogo, na hesabu yako ni sawa. Lakini picha inapobadilika ghafla, macho huchukua takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla hayajaanza kuhamia mahali papya. Katuni ya fremu 24 kwa sekunde inapoteza hapo karibu fremu tano. Usiporudia kidogo, mtazamaji anakosa kipande cha teke.

Kulikuwa na jambo dogo zaidi lililonichukua muda kuliona. Yeye huchora michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja unakaa fremu mbili. Sehemu mbili tatu alikuwa amekata katikati ya jozi, kwa hiyo mchoro mmoja ulionekana kwa fremu moja tu kisha ukatoweka. Hiyo haionekani kama picha, inaonekana kama kupepesa. Ukishuku jambo kama hilo, usiichezeshe katuni. Simamisha kwenye mkato, kisha bonyeza mshale wa kulia na wa kushoto, fremu moja moja, huku na huku. Zile fremu sita za kabla na sita za baada ndizo zenye ugonjwa karibu kila mara.

Kosa la upande lilikuwa rahisi. Tatu anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Mpira wake ukapaa kutoka kulia kwenda kushoto, kana kwamba umempita na kurudi kwao. Kijana akaugeuza ule mchoro kama unavyouona kwenye kioo, kitu cha sekunde moja, akafurahi sana. Kwa furaha hiyo akageuza na shoti nyingine mbili ambazo hazikuomba kugeuzwa, mpaka kibao cha duka nyuma ya Tatu kikasomeka AKUD.

Tukafika kwenye mpira wenyewe. Awali, mpira ulipaa mpaka ukatoka nje ya picha, kikafuata kipande cha mabati matupu, kisha jiko la bibi. Nilimwuliza bibi anafanya nini wakati huo. “Anageuza chapati.” Kwa kuirusha? “Kwa kuirusha.” Nikanyamaza, naye akaelewa kabla sijasema.

Mkato wa kufananisha ni huo: kitu kimoja kinachukua nafasi ya kingine chenye umbo au mwendo kama wake, na akili inavuka kutoka mahali hadi mahali bila kuomba ruhusa. Unaotajwa kuliko yote uko katika filamu ya Stanley Kubrick ya 1968, *2001: A Space Odyssey*, ambapo mfupa uliorushwa hewani na mtu-nyani unakuwa chombo kinachoelea angani. Ukiutazama fremu kwa fremu, mfupa na chombo havikai sawasawa, wala ukubwa haulingani. Kinachoubeba ni umbo refu jeupe na wazo lenyewe. Katika katuni, aliyeusukuma mbali mno ni Mjapani Satoshi Kon, aliyefariki 2010. Katika *Millennium Actress* ya 2001, mwigizaji anakimbia kumtafuta mtu aliyempenda, na mbio hizo zinapita kutoka filamu moja aliyoigiza hadi nyingine, zama moja hadi nyingine. Mavazi yanabadilika, nchi inabadilika, mbio hazikatiki.

Sisi tulikuwa na mpira na chapati. Vyote viwili vya mviringo, vyote viwili hewani. Jaribio la kwanza lilishindwa vibaya. Mpira ulikuwa juu kulia, chapati katikati, na kubwa mara mbili. Chapati yenyewe aliichora kwa ubavu, kama tunavyoiona mara nyingi ikirushwa, kwa hiyo mviringo ukawa mstari. Na kutoka anga la jioni tuliingia jiko lenye ukuta mweupe, picha ikawaka kama taa.

Akaichukua fremu ya mwisho ya mpira, akaipunguza ukolezi hadi nusu, akailaza juu ya fremu ya kwanza ya chapati. Hapo unaona vyote kwa pamoja na huna pa kujidanganya. Akaisogeza chapati mpaka ikakaa pale pale palipokuwa na mpira, akaipunguza mpaka ikawa sawa nao, karibu sehemu moja ya sita ya kimo cha picha, akaigeuza uso kwetu. Mpira ulikuwa unazunguka kwa mwelekeo wa saa, basi na chapati ikazunguka hivyo. Ukuta wa jiko akaupaka masizi, ambayo kwa kweli yalistahili kuwapo tangu mwanzo.

Mahali pa kukata tulibishana. Yeye alitaka pale mpira unapofika juu kabisa, kwa sababu hapo umesimama na ni rahisi kulinganisha. Mimi nikasema fremu mbili kabla. Kitu kilichorushwa hupungua kasi kinapopanda, husita, huanza kushuka, na hilo ni sawa kwa mpira na kwa chapati. Ukikata kwenye kusita, unabaki na vitu viwili vilivyosimama. Ukikata fremu mbili kabla, mpira unaanza kupanda na chapati inamalizia, kisha chapati inashuka kikaangoni. Kupanda kumoja, kushuka kumoja. Tulijaribu kote kuwili naye akakubali, japo kwa kununa.

Kisha sauti. Mlio wa chapati kikaangoni ulikuwa unaanza pamoja na picha ya jiko. Tuliusogeza nyuma fremu kumi, ukasikika mpira ukiwa bado angani. Sikio likafika jikoni kwanza, jicho likalifuata.

Sijasema kitu juu ya picha kuyeyukia nyingine. Kijana alikuwa ameziweka katika kila mkato uliomsumbua, kama plasta. Kwenye picha za kamera plasta hiyo wakati mwingine hushika. Kwenye katuni yenye mistari myeusi na rangi bapa, unaona mistari ya shoti mbili kwa pamoja, bibi mwenye pua mbili. Na mtazamaji amezoea kuwa kuyeyuka huko maana yake muda umepita, ilhali teke na chapati ni sekunde ileile. Tulizifuta zote isipokuwa ya mwisho, jua lilipozama.

Na mkato mmoja tuliuacha mkali makusudi, ule mpira unapoangukia sinia. Pale tulikata fremu mbili mapema, moja kwa moja kwenye wingu la unga, bila kulinganisha chochote. Hapo tulitaka watu washtuke.

Jumapili dada yangu aliitazama tena, mara mbili, akiwa ameshika simu karibu na uso. Hakusema neno juu ya kurukaruka. Alisema: “Naisikia chapati inakaanga, mafuta yako wapi?” Kijana alinitazama, akafungua kompyuta, akaanza kuchora mafuta.